Homa, udenda na fizi zinazotoka damu: hepesi ya kwanza ya mdomo kwa mtoto wa miezi 20, Lamu

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na hali zinazoonekana mara kwa mara kwa watoto wa umri huu, na hakuna mtoto mmoja halisi nyuma yake.

Mtoto ni wa kike, ana miezi 20 na uzito wa kilo 11. Anaishi Langoni, Lamu, pamoja na wazazi wake na nyanya yake. Mama ana mimba ya miezi minane. Siku ya Jumatano shangazi alifika kutoka Faza kwa ajili ya Maulidi, baada ya kukaa juani kwenye mashua muda mrefu. Siku mbili baada ya kufika, pembeni mwa mdomo wake wa chini kulitokea malengelenge madogo yaliyokaa pamoja kama kifungu. Nyumbani walisema homa imemtoka mdomoni, na hakuna aliyejali zaidi. Shangazi alimlisha mtoto uji, akionja kila kijiko kwa midomo yake ili kujua kama umepoa, na kumbusu kama shangazi yeyote angefanya.

Jumatatu saa 2 usiku mtoto alipata homa ya 39.4. Jumanne alipimwa malaria, hana. Akapewa amoksilini na parasetamoli. Jumatano asubuhi alianza kutokwa na udenda mwingi na kukataa hata titi. Duka la dawa likaona "weupe mdomoni" na kutoa nistatini ya matone pamoja na dawa ya zambarau ya kupaka. Alhamisi saa 3 asubuhi, saa 61 tangu homa ianze, mama alimpeleka kliniki. Tangu usiku wa manane mtoto alikuwa hajakojoa.

Aliyempokea alivaa glavu mkono mmoja, akainua mdomo wa juu kwa kidole, na sehemu kubwa ya jibu ikaonekana hapo. Fizi zote, za juu na za chini, zilikuwa nyekundu sana, zimevimba hadi kufunika sehemu ya meno, na zilitoa damu zilipoguswa kidogo tu. Kwenye ulimi, ndani ya midomo na sehemu ya mbele ya kaakaa kulikuwa na vidonda vidogo vya duara, milimita 2 hadi 3, vyenye rangi ya kijivu katikati na ukingo mwekundu. Vingine vilikuwa vimeungana. Kidevuni, mahali udenda unapopita, kulikuwa na malengelenge mawili. Tezi chini ya taya zilikuwa zimevimba na kuuma. Pumzi ilinuka.

Kwa nini ni hepesi na si kitu kingine

Haya ni maambukizi ya kwanza ya virusi vya hepesi simpleksi aina ya 1. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, kwa sababu kinga waliyopewa na mama tumboni imekwisha na wao wenyewe hawajakutana na virusi. Watoto wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi chochote, au hupata homa ndogo isiyojulikana sababu. Wachache ndio huugua kama huyu.

Kinachotofautisha ni fizi. Ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo nao huleta homa na vidonda mdomoni, lakini fizi hubaki za kawaida na vipele huonekana viganjani na nyayoni. Kuna virusi vingine vinavyotoa vidonda nyuma tu, karibu na kimio na tezi za koo, bila kugusa fizi wala midomo. Utando mweupe wa fangasi, ambao nistatini huutibu, ni kama maziwa yaliyoganda juu ya ulimi na mashavu, hausababishi homa kali, na mtoto mara nyingi huendelea kunyonya. Hapa duka la dawa liliona ute mweupe juu ya vidonda likadhani ni fangasi. Kosa hilo ni la kawaida sana, na hasara yake kubwa ni siku zinazopotea, si dawa yenyewe.

Sababu ya meno pia hutajwa. Meno kuota huleta udenda na ufizi kuvimba pale jino linapotokea, lakini hayaleti homa ya 39 wala fizi zote kutoka damu. Hali kama hii ikiitwa meno, au ikaitwa kimio, mtoto anaweza kupelekwa kukatwa. Mdomo wenye vidonda vya hepesi ukikatwa unatoka damu zaidi, unaingiwa na bakteria, na mtoto anazidi kukataa maji. Lisifanyike.

Vipimo vya maabara havikuhitajika. Swabu ya vidonda hupelekwa maabara pale jicho linapohusika, mtoto mchanga anapougua, au kinga ya mtoto ikiwa na tatizo. Hali ya Virusi vya Ukimwi iliangaliwa kwenye kadi ya kliniki. Ilikuwa imejulikana kuwa hana. Kwa mtoto asiyejulikana hali yake na ambaye vidonda vinakaa zaidi ya mwezi, kipimo hicho ni lazima.

Neno hepesi lilimshtua nyanya, kwa kuwa wengi wamelisikia likihusishwa na zinaa. Aliambiwa wazi: aina ya 1 mdomoni mwa mtoto mdogo huja kwa mate na ngozi, kutoka kwa mtu aliyemlisha au kumbusu. Haimaanishi mtu amefanya jambo baya.

Na shangazi je? Muda kutoka kuambukizwa hadi kuugua ni siku 2 hadi 12, kwa kawaida takriban siku 4. Malengelenge yake yalitokea Ijumaa, homa ya mtoto Jumatatu. Siku zinakubali, na kidonda kikiwa na maji ndani ndipo kina virusi vingi zaidi. Hata hivyo si haki kumtwika lawama kwa uhakika. Mtu mzima mwenye virusi hivi anaweza kuvitoa kwenye mate bila kidonda chochote, kwa hiyo baba au nyanya angeweza kuwa chanzo vilevile. Familia iliachwa na jambo la kufanya, si la kumlaumu mtu.

Jambo la kwanza ni maji, si dawa ya virusi

Mtoto wa hali hii mara chache hufa kwa virusi. Anachoweza kupata ni ukavu wa mwili, na hapo ndipo anapolazwa. Kuna mtego mmoja wa kufahamu: udenda unamfanya aonekane ana mdomo wenye maji, na mtu anayeangalia ulimi kupima ukavu anadanganyika. Inabidi kuangalia mkojo, machozi, macho kama yameingia ndani, na ngozi ya tumbo inavyorudi ikibanwa. Mtoto huyu alikuwa na saa 9 bila mkojo na machozi machache, lakini alikuwa macho, ngozi ilirudi haraka na aliweza kushika mkono wa mama. Hakuhitaji dripu wakati huo. Angekuwa mlegevu, au akakataa kabisa kumeza baada ya dawa ya maumivu, angelazwa, apewe maji kwa mrija wa puani au mshipani.

Mtoto wa kilo 11 anahitaji maji ya takriban lita 1 kwa siku, hesabu ikiwa ni ml 100 kwa kila kilo kwa kilo 10 za kwanza na ml 50 kwa kilo inayozidi: jumla ml 1,050. Homa inaongeza kidogo. Hakuna mtoto mwenye vidonda mdomoni atakayekunywa glasi nzima, kwa hiyo kazi iligawanywa. Kwa saa 14 anazokuwa macho, hiyo ni ml 75 kwa saa, yaani sirinji ya ml 5 isiyo na sindano mara 15. Inawekwa kando ya shavu, si katikati ya ulimi, na kusukumwa polepole. Jambo hili linachosha, na ndiyo maana mama, baba na nyanya walipangiwa zamu.

Kabla ya hayo inakuja dawa ya maumivu. Parasetamoli ni mg 15 kwa kila kilo, hivyo mg 165 kwake. Dawa ya maji iliyokuwepo ilikuwa ya mg 120 kwa ml 5, ikawa ml 7 kila saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Chupa hutofautiana nguvu, ndiyo sababu ya kusoma kwenye chupa na kupima kwa sirinji, si kwa kijiko cha chai. Nusu saa baada ya dawa ndipo mtoto hunywa vizuri zaidi, na muda huo usipotezwe kwa kumvalisha au kumwogesha. Ibuprofeni hailingani na mtoto aliyekauka, kwa sababu ya figo. Zaidi ya hapo, katika pwani hii ambako dengi hutokea, haianzwi mpaka dengi iondolewe akilini.

Vinywaji vilivyokubalika ni maziwa baridi, maziwa ya mama, uji mwepesi uliopoa, na maziwa yaliyogandishwa kuwa barafu, ambayo watoto wengi hukubali hata wanapokataa kila kitu. Juisi ya ndimu, ukwaju, barafu za ubuyu, mchuzi wenye chumvi na pilipili huwasha vidonda na humfanya mtoto aogope hata kikombe. Dafu linakubalika kama kinywaji kimojawapo, ila lina chumvi kidogo sana ya sodiamu, kwa hiyo halichukui nafasi ya ORS kama ameanza kukauka. Chakula kigumu kilisahauliwa kwa siku tatu bila wasiwasi, uzito hurudi.

Asikloviri na saa 72

Saa zilikuwa 61 tangu dalili za kwanza. Hilo lilikuwa na maana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliofanywa Israeli kwa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 6, uliwapa nusu yao asikloviri ya kunywa ndani ya saa 72 na nusu dawa isiyo na kitu. Kwa waliopata asikloviri vidonda vilikaa siku 4, kwa wengine siku 10. Homa ilikaa siku 1 dhidi ya 3, na shida ya kunywa siku 3 dhidi ya 6. Muda wa kutoa virusi nao ulipungua kutoka siku 5 hadi 1. Baada ya saa 72 faida ni ndogo kiasi kwamba kwa mtoto mwenye afya njema inaweza kuachwa, isipokuwa kama vidonda vipya bado vinatoka au ugonjwa ni mkali.

Kipimo kilichotumika ni mg 15 kwa kilo, mara tano kwa siku, kwa siku 7, kila dozi isizidi mg 200. Kwa kilo 11 ni mg 165. Dawa ya maji ya mg 200 kwa ml 5 ina mg 40 katika kila ml, ikawa ml 4 kwa dozi. Nyakati zilipangwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mama aliandika nyakati hizo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa sababu dozi ya saa 8 mchana, wakati wa usingizi wa mchana, ndiyo hupotea.

Hesabu nyingine ambayo watu huisahau: ml 4 mara tano ni ml 20 kwa siku, na kwa siku 7 ni ml 140. Chupa ya ml 125 haitoshi. Ikiisha mwanzoni mwa siku ya saba, familia huacha, ikidhani imemaliza. Walichukua mbili mara moja. Kama dawa ya maji ingekosekana, ambayo si ajabu kwenye visiwa, kidonge cha mg 200 kingesagwa na kuchanganywa na ml 5 za maji, kikatikiswa na ml 4 zikavutwa papo hapo kabla unga haujazama. Dawa hii haiyeyuki vizuri na ukichelewa mtoto anapata maji tu. Afadhali mfamasia afanye mara ya kwanza mbele ya mama.

Asikloviri hutoka kwa figo, na kwa mtu aliyekauka inaweza kuganda kwenye figo. Kwa hiyo sirinji za maji zilizotajwa juu zinalinda pia tiba hii. Krimu ya asikloviri haikuandikwa kwa mdomo wa ndani. Haifanyi kazi hapo.

Amoksilini ilisimamishwa, kwani virusi havisikii antibayotiki na hapakuwa na dalili ya bakteria. Nistatini na dawa ya zambarau ziliachwa pia. Dawa ya zambarau ina tatizo lake: inaficha vidonda kwa rangi, kesho yake hakuna anayejua kama vimeongezeka, na yenyewe inaweza kuunguza ngozi laini ya mdomo. Jeli za kutuliza meno zenye salisileti hazipewi watoto, sawa na aspirini. Jeli au maji yenye lidokeni yanaonekana kama wazo zuri, lakini mtoto huyameza, kiasi kidogo kikizidi kinaleta degedege na matatizo ya moyo, na ulimi ukifa ganzi mtoto hujiuma. Krimu za steroidi mdomoni hazina nafasi hapa kabisa, kwani zinavipa virusi nafasi ya kuenea.

Siku ya sita: kidole

Homa iliisha Ijumaa, siku moja baada ya asikloviri kuanza. Jumamosi alikojoa mara tano. Jumapili mama aliona kidole gumba cha kulia, ambacho mtoto hunyonya, kimekuwa chekundu na kina malengelenge matatu yaliyoungana. Nyanya alitaka kupasha sindano moto na kukitumbua.

Hiki si jipu. Virusi vimeingia kwenye ngozi ya kidole kutoka mdomoni, na maji yaliyomo ndani si usaha. Kikitumbuliwa hakipati nafuu. Maji yanasambaza virusi pembeni na bakteria wanapata mlango. Kidole kilifunikwa kwa bendeji kavu ili kisirudi mdomoni wala kufikia jicho, na asikloviri iliendelea mpaka siku ya saba. Alama ya kuogopesha ni wekundu unaopanda juu mkononi pamoja na homa mpya, maana hapo kuna bakteria na antibayotiki ndipo inapohusika.

Jicho lilitajwa kwa msisitizo. Likiwa jekundu, likitoa machozi na mtoto akikwepa mwanga, hospitali siku hiyo hiyo. Matone ya macho ya dukani yenye steroidi yasiguse jicho kama hilo, kwa sababu kidonda cha hepesi kwenye kioo cha jicho huenea chini ya dawa hiyo na kuacha kovu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi naye yuko hatarini, kwa vile malengelenge yanaweza kutapakaa mwili mzima.

Kuhusu kurudi kwa watoto wengine: alikaa nyumbani mpaka homa imeisha, vidonda vimekauka na udenda umekoma, kwa kuwa mtoto anayedondosha mate hawezi kuzuiwa kugawana. Vikombe, vijiko, taulo na vitu vya kuchezea vilioshwa kwa sabuni ya kawaida, ambayo huharibu utando wa virusi hivi. Hakuna haja ya dawa kali wala ya kuchoma nguo. Mate yake yaliendelea kuwa na uwezekano wa kubeba virusi kwa wiki kadhaa hata baada ya kupona, na hilo linaleta jambo la mwisho.

Mtoto anayekuja

Mama ana mimba ya miezi minane. Swali alilopaswa kuulizwa ni kama yeye mwenyewe amewahi kutokwa na vidonda vya mdomo. Alikumbuka kuwa ndiyo, tangu utotoni, kila akipata malaria. Hiyo ilikuwa habari njema: mwili wake una kinga, na sehemu ya kinga hiyo hupita kwa mtoto tumboni. Mama ambaye hajawahi kukutana na virusi hivi na anaambukizwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mimba yuko katika hatari kubwa zaidi ya kumpa mtoto wakati wa kujifungua. Angehitaji kumwona mhudumu wa kliniki ya wajawazito mara tu dalili zinapoonekana, si kusubiri miadi.

Hata hivyo kinga hiyo haitoshi kumlinda mtoto mchanga asiguswe na kidonda chenye maji. Maagizo yalikuwa haya: mtu yeyote mwenye kidonda cha mdomo hambusu mtoto mchanga mpaka kigaga kimeanguka na ngozi imepona, akilazimika kumshika, ananawa mikono na kufunika mdomo. Mama mwenyewe akitokwa na kidonda mdomoni anaendelea kunyonyesha kwa mdomo uliofunikwa. Kidonda kikiwa kwenye titi, titi hilo halinyonyeshwi mpaka lipone, maziwa yake yanakamuliwa na kumwagwa, na titi lingine linaendelea. Dada mkubwa, kwa wiki za mwanzo, anaruhusiwa kumbusu miguu tu. Hilo lilikubalika kirahisi kuliko marufuku kamili.

Mtoto wa chini ya mwezi mmoja akipata homa au baridi isiyo ya kawaida, akakataa kunyonya, akalala kupita kiasi, akatetemeka au akatokwa na lengelenge hata moja, haanzishiwi dawa ya kunywa nyumbani. Anahitaji asikloviri ya mshipani, mg 20 kwa kilo kila saa 8, kwa siku 14 au 21 kutegemea ugonjwa umefika wapi, na kila saa inayopotea inahesabika. Kutoka visiwani hadi hospitali yenye uwezo huo safari huanza kwa mashua, kwa hiyo namba ya mwenye boti huandikwa kabla ya kujifungua, si baada.

Shangazi alipewa maelezo yake kando. Virusi hulala kwenye fundo la mshipa wa fahamu unaobeba hisia za uso, na jua kali, homa au uchovu huviamsha. Siku moja kabla ya malengelenge huja mwasho au kuchoma mahali pale pale, na hapo ndipo krimu ya asikloviri ya asilimia 5 ianze, mara tano kwa siku kwa siku 5. Ikianza baada ya malengelenge kutokea, haifanyi kitu cha maana. Hata ikianza mapema inapunguza takriban nusu siku hadi siku moja tu, kwa hiyo kinga bora kwake ni kofia na mafuta ya midomo ya kuzuia jua akiwa kwenye mashua ya Faza.